Kilo Kumi za Kuonja

Hapa Kaoze ukijulikana kwamba unajua kuandika barua, kalamu yako inakuwa mali ya ukoo mzima. Nimeshaandikia watu posa na migogoro ya mipaka ya mashamba. Sasa mpwa wangu anayesoma masoko chuoni kanirushia kwa simu asainimenti yake, 7 kati ya 20, na rasimu ya barua ya kumwomba mhadhiri arudie kuisahihisha. "Mjomba, inyooshe kidogo tu."

Kunyoosha! Barua inaanza na "Shikamoo, mwalimu wa walimu", kisha aya nzima ya ugonjwa wa bibi yake. Bibi huyo ni mama yangu, na asubuhi ile nilimwacha shambani akifukuza ndege kwenye mpunga kwa sauti iliyofika ng'ambo. Mwisho kaahidi mchele wetu wa bondeni, kilo kumi, "za kuonja". Hiyo si barua ya maksi, ni kielelezo cha TAKUKURU.

Nikalazimika kuisoma asainimenti yenyewe. Waliambiwa wapange mauzo ya zao la kwao kwa mambo manne: bidhaa, bei, usambazaji na promosheni, kila moja maksi 5. Promosheni kapata sifuri, na haki yake: kaandika "tutatangaza sana", basi. Ila kwenye bei kapewa 1, pembeni peni nyekundu imeandika "bei kwa kipimo gani?"

Nikafungua picha ya ukurasa wa nyuma. Kipimo kipo! Kaeleza kwamba dalali akilipa 90,000 kwa gunia la kilo 100, mkulima anapata 900 kwa kilo. Akilipa hiyohiyo kwa lumbesa la kilo 120, anapata 750. Ukurasa mzima hauna hata nukta nyekundu. Haukufunuliwa.

Kijana ana silaha hii, halafu anapigana kwa bibi mgonjwa!

Nikafuta yote. YAH: OMBI LA KUHAKIKI MAKSI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina, namba ya usajili, somo, tarehe ya kurudishiwa kazi. Kisha: "Hesabu ya bei kwa kilo iko nyuma ya ukurasa wa 3 na haina alama ya kusahihishwa. Naomba uipitie. Nakala nimeambatanisha." Sijataja maksi anazozitaka. Promosheni sijaigusa: ukimwambia mhadhiri arudie kazi yote, anaweza kukuta pa kupunguza pia.

"Mjomba, mbona fupi? Haina hata huruma."

Nikamwambia huruma haimo kwenye mwongozo wa kusahihishia. Akanyamaza, nikadhani kaelewa. Jioni akanitumia nakala safi, tayari kupelekwa. Chini ya sahihi kaongeza: "Nakala: Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mbunge." Nimepiga simu mara tatu hapokei, na mama anauliza zile kilo kumi tunazipima lini.