Namna ya Kuitia Adabu Fomula ya Mafuriko

Mhadhara wa haidrolojia huisha kwa ubao uliojaa herufi: Q, C, i, A, L, S, t. Wanafunzi huzinakili zote kwa utiifu, mtihani ukija huzitapika, na baada ya hapo daftari hulala kabatini hadi siku mtu anapoambiwa akadirie ukubwa wa mtaro wa mtaani kwao. Siku hiyo ndipo inapojulikana kwamba herufi zilinakiliwa bila vizio vyake, na herufi isiyo na kizio ni mgeni asiyesema kwao ni wapi: unamkaribisha vizuri, na usiku anaondoka na vyombo.

Mwongozo huu ni wa kuigeuza sura moja ya mhadhara huo kuwa lahajedwali inayofanya kazi. Sura yenyewe ni ile fomula ya kukadiria maji mengi zaidi yatakayopita katika mtaro wa eneo dogo. Mulvany aliliandika wazo lake Ireland mwaka 1851, na bado linatumika kwa sababu linaeleweka. Maji ya kilele ni sehemu ya mvua inayotiririka, mara ukali wa mvua, mara eneo.

Anza kwa kuuliza fomula swali la utovu wa adabu: hiyo 360 umeitoa wapi? Katika madaftari mengi imeandikwa Q = C·i·A/360, na wachache wanaweza kuitetea. Chukua mvua ya milimita moja kwa saa ikinyesha juu ya hekta moja. Hekta ni meta za mraba 10,000, na milimita ni sehemu moja ya elfu ya meta, kwa hiyo maji ni meta za ujazo 10 kwa saa. Gawanya kwa sekunde 3,600 za saa moja, unabaki na moja ya 360. Basi. Fomula hiyo inakubali milimita kwa saa na hekta tu, na inatoa meta za ujazo kwa sekunde. Ukiipa kilomita za mraba itapokea bila kulalamika na kukupa jibu lililopungua mara mia. Ndiyo maana safu ya tatu ya lahajedwali yako, baada ya jina na thamani, ni ya kizio, na hakuna mstari unaoruhusiwa kuiacha wazi.

Sasa fungua karatasi tupu. Juu ni sehemu ya vipimo vya kuingiza, na seli zake zipakwe rangi moja ili mtu ajue ni hapo tu anaporuhusiwa kuandika. Kwa mfano wetu tuna bonde dogo la mtaani, la mazoezi. Eneo, hekta 40, liko B2. Njia ndefu ya maji, meta 900, iko B3. Mwinuko wa juu ni meta 57 katika B4, na wa chini ni meta 30 katika B5. B6 ni mgawo wa mtiririko, 0.6, maana yake katika kila milimita kumi zinazonyesha juu ya mabati na ardhi iliyoshindiliwa, sita zinakimbilia mtaroni. B7 ni mafuriko ya mara moja katika miaka 10.

Angalia kwamba sikuomba mteremko. Nimeomba miinuko miwili, na karatasi itagawanya yenyewe. Ukimwomba mtu mteremko, mmoja ataandika 0.03 na mwingine 3, kwa kuwa barabarani watu husema asilimia tatu. Huyo wa pili, kwa bonde letu hili, atapata mtaro mkubwa kwa nusu nzima kuliko unaohitajika, na mwenye fedha atalipia zege isiyo na kazi. Kosa ambalo haliwezi kuandikwa halihitaji onyo.

Mvua nayo iwe na makazi yake, safu ya E. Data hizi ni za mazoezi, mvua kubwa kuliko zote ya siku moja katika kila mwaka, kwa miaka kumi, katika milimita: 58, 74, 49, 91, 66, 82, 55, 110, 63 na 72. Ukipata data halisi za kituo, kabla ya kuzibandika kagua miezi iliyokosekana. Mwaka ambao kipimamvua hakikusomwa wakati wa masika utakuletea kilele cha uongo, mvua ndogo ya Novemba iliyovaa taji la mwaka. Mwaka wa namna hiyo ni afadhali kuuacha nje kabisa. Na kamwe pengo lisijazwe sifuri. Sifuri ni taarifa kwamba mtu alikwenda, akatazama, akakuta hakuna mvua.

Kuna mtego mwingine hapa, mdogo kwa umbo na mbaya kwa matokeo. Mtu mwenye bidii, aliyesikia kwamba vizio ni muhimu, anaandika ndani ya seli "110 mm". Lahajedwali inaona maneno badala ya namba, na wastani unapopigwa seli hiyo inarukwa kimyakimya. Kwa data zetu, mvua kubwa kuliko zote katika miaka kumi imetupwa nje. Makadirio ya mvua ya mara moja katika miaka 10 yanashuka kutoka milimita 96 hadi 85. Kizio kiandikwe kwenye kichwa cha safu, na mahali pa wazi kuwe na seli inayolinganisha idadi ya namba na idadi ya seli zilizojazwa:

```
=IF(COUNT(E2:E11)=COUNTA(E2:E11),"sawa","KUNA NENO NDANI YA MVUA")
```

Zamu ya hesabu. Mteremko uko B12, kisha unafuata muda wa maji kusafiri kutoka ukingo wa mbali wa bonde hadi mtaroni, kwa fomula ya Kirpich ya mwaka 1940. Hii inataka meta na inatoa dakika. B8 na B9 zina namba mbili za umbo la mvua, b na n, ambazo nitazieleza punde. Kwa sasa ni 0.3 na 0.9.

```
B12  =(B4-B5)/B3
B13  =0.0195*B3^0.77*B12^-0.385
B14  =B13/60
B15  =AVERAGE(E2:E11)-SQRT(6)/PI()*(0.5772+LN(LN(B7/(B7-1))))*STDEV.S(E2:E11)
B16  =B15/24*((24+B8)/(B14+B8))^B9
B17  =B6*B16*B2/360
```

B15 ni njia ya Gumbel: wastani wa vilele, pamoja na sehemu ya mtawanyiko wake inayoongezeka kadiri unavyotaka kujikinga na mvua adimu zaidi. Inatoa milimita 96 kwa siku. Lakini mtaro haujazwi na siku nzima, unajazwa na robo saa ile ambayo watu hawasikilizani chini ya bati. B16 ndiyo inayoigeuza mvua ya siku kuwa ukali wa kipindi kifupi. Umbo hilo limetoka katika utafiti wa mvua za Afrika Mashariki uliochapishwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza mwaka 1974. Namba b hupimwa kwa saa. Namba n haina kizio na hutofautiana kati ya pwani na bara, kwa hiyo usiibe 0.9 yangu ya mazoezi ukaenda nayo Tanga.

Bonde letu linasafirisha maji kwa dakika 14.2. Ukali wa mvua ni milimita 124 kwa saa. Kilele ni meta za ujazo 8.25 kwa sekunde.

Sasa tuharibu makusudi. Mtu anasahau B14, anaelekeza B16 moja kwa moja kwenye B13, na dakika 14.2 zinasomwa kama saa 14.2. Hakuna seli itakayogeuka nyekundu. Ukali unashuka hadi milimita 6.4 kwa saa, na kilele kinakuwa 0.43. Hatari ya jibu hili ni kwamba linafanana na ukweli. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50, maji yakienda meta 1.5 kwa sekunde, unapitisha 0.45; ni mtaro ambao fundi yeyote amewahi kuujenga, na mchoro utapita mezani bila mtu kukunja uso. Jibu sahihi linahitaji kama upana wa meta 2.2 na kina cha meta 1.5, tena maji yakienda meta 2.5 kwa sekunde. Tofauti ya hayo mawili itaingia sebuleni kwa watu.

Ukaguzi wa kosa hili hauwezi kuwa "jibu ni kubwa au dogo", maana hujui jibu. Tafuta uwiano ambao lazima uwe kweli. Milimita 96 zikisambazwa sawasawa kwa saa 24 ni 4 kwa saa. Dhoruba fupi ni lazima iwe kali mara nyingi kuliko wastani huo. Kwetu ni mara 31. Aliyechanganya dakika na saa anapata mara 1.6 tu, yaani robo saa mbaya kuliko zote inafanana na manyunyu ya siku nzima. Kwa mabonde madogo ambayo maji yake hayachukui zaidi ya saa mbili, mpaka wa mara tano kwa kawaida unamnasa:

```
=IF(B16/(B15/24)<5,"KAGUA MUDA: saa au dakika?","sawa")
```

Weka na ukaguzi wa mipaka ya fomula zenyewe. Kirpich alitumia mabonde madogo ya mashamba huko Tennessee, Marekani, yenye mteremko wa kati ya asilimia 3 na 10. Bonde letu limegusa ukingo wa chini kabisa. Ardhi ya Dar es Salaam iliyo tambarare kama sinia iko nje, na karatasi iseme hivyo kwa maandishi makubwa:

```
=IF(OR(B12<0.03,B12>0.1),"NJE YA MIPAKA YA KIRPICH","sawa")
```

Fomula ya Mulvany nayo inachukulia kwamba mvua inanyesha kwa ukali uleule juu ya bonde lote, dhana inayovumilika kwa hekta kadhaa na kuvunjika eneo linapokua. Wahandisi wengi hukoma karibu na hekta 80. Bonde la Msimbazi halimo humu hata kwa kulibembeleza. Mabonde yanayozidi hekta hizo yana njia zake, ukiwamo mfumo wa mafuriko wa Afrika Mashariki wa mwaka 1976.

Kabla hujamtumia mwenzako karatasi hii, ivuruge mara tatu: andika "110 mm" kwenye mvua, badili meta 900 ziwe 0.9 kana kwamba ni kilomita, elekeza B16 kwenye B13. Kila mara lazima angalau seli moja ipige kelele. Ikinyamaza hata mara moja, usiitume; rudi uongeze ukaguzi.