Namna ya Kumchelewesha Msomaji

Jibu liweke aya ya tisa. Hiyo ndiyo siri nzima, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Nimelitanguliza kwa kuwa wewe ni mwandishi mwenzangu, najua una kazi. Msomaji hastahili heshima hiyo. Kuna wahariri wanaoshikilia kitu wanachokiita piramidi iliyogeuzwa: jambo kubwa juu, maelezo yanayolifafanua katikati, na yale ya ziada chini kabisa. Wakiachiwa, msomaji atapata alichokuja kukitafuta ndani ya sekunde kumi na kuondoka zake. Sasa utangulizi wako atausoma nani?

Tuchukue mama aliye macho saa nane usiku. Mtoto anaharisha, maduka yamefungwa, pakiti ya ORS hakuna. Anatafuta kwenye simu namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Mwanzie hivi: “Maji ni uhai. Tangu enzi na enzi mwanadamu amekuwa akiyategemea maji katika shughuli zake za kila siku.” Aya ya pili mweleze maana ya kuharisha, maana huenda hajaiona vizuri. Ya tatu igusie umuhimu wa afya kwa taifa. Chaji ikiisha kabla hajafika kwenye kipimo, umefaulu.

Upande wa habari ni rahisi zaidi, kwa sababu tuna mgeni rasmi. Tuseme kipindupindu kimeingia na kisima cha sokoni kimefungwa. Andika kwamba mkuu wa wilaya amewataka wananchi kuzingatia usafi, alipokuwa akizungumza katika hafla fupi iliyohudhuriwa na viongozi mbalimbali wa dini na serikali. Wataje viongozi hao kwa vyeo vyao. Eleza ngoma zilizotumbuiza. Kisima kitaje kwenye sentensi ya mwisho, baada ya neno la shukrani.

Sasa tazama wale wabishi wanavyomharibia kazi mwenzao. Kwa yule mama wangeandika hivi, tena mwanzoni kabisa: “Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, koroga hadi viyeyuke. Usizidishe chumvi, ni hatari kwa mtoto. Kama kinyesi kina damu, au mtoto amelegea au hawezi kunywa, mpeleke hospitali sasa hivi.” Basi. Mama ameshaingia jikoni. Chini yake ndipo wanaeleza kwamba akionja, maji yasiwe na chumvi kuliko machozi. Kwamba mtoto akitapika asubiriwe dakika kumi kisha aendelee kunyweshwa polepole. Na kwamba maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kwa nini sukari imo wanaeleza baadaye zaidi: ndiyo inayousaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji yakafuata.

Wakikulazimisha kuandika kwa mtindo wao, usikate tamaa, bado unaweza kuuharibu ukiwa ndani yake. Wao hugeuza umbo la makala, lakini hatua huziacha zifuatane kama mikono inavyofanya kazi. Wewe jifanye mtiifu kupita kiasi: panga hata hatua kwa ukubwa wake. Hatua ya kwanza, mnyweshe mtoto. Ya pili, koroga. Ya tatu, pima sukari. Na onyo, ambalo wao huliweka kabla ya kitendo kinachohusika, wewe liweke baada ya hatua ya mwisho, mtoto akiwa ameshakunywa.

Ukitaka kujua kama umewashinda, kata makala yako kuanzia chini, aya moja moja. Ya kwao hubaki imesimama hata ikibaki aya ya juu peke yake. Ndiyo maana enzi za kupanga herufi za risasi, nafasi ilipokosekana gazetini, mkia ulikatwa bila mtu kuusoma upya. Yako ikatwe aya ya mwisho tu, habari nzima ife. Isipokufa, jibu limepanda juu bila wewe kujua, lishushe.

Yapo maandishi ambayo hata wao hawayagusi. Hadithi ya upelelezi hawamtaji muuaji kwenye mstari wa kwanza. Kwa hiyo ukibanwa, dai kwamba kipimo cha chumvi nacho kina taharuki.

Maji haya yalijipatia sifa kubwa mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bongaon, India. Dripu zilikuwa zikiisha, ndipo daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa glukosi na chumvi, na vifo vikapungua sana. Mhariri akikosa nafasi, aanze kukata hapa.