Mshenga Asiyelipwa

Mshenga wa kawaida akishamaliza habari za posa na mahari, hula pilau, hupewa asante yake akaenda zake. Ushenga wangu mimi ulianza watu walipokwisha kuoana, wakanizaa, wakanilea hadi nikaweza kubeba maneno bila kuyamwaga. Wewe mwenzangu kifungua mimba hunihitaji nikueleze zaidi.

Wazazi wangu, Karani na Jaji, wanaishi Kilimani, karibu na Barabara ya Kirichwa, katika moja ya zile nyumba za zamani za vigae ambazo maghorofa yamezizunguka hadi jua huzifikia kwa zamu. Uani mna mparachichi wa Jaji na Pijo 504 ya Karani, iliyokalia mawe na ambayo "itatengenezwa." Kila mmoja anakichukia cha mwenzake, na habari hizo huzipata kupitia kwangu.

Tangu nikiwa darasa la pili, Karani akisema, "Mwambie mamako hii ni chumvi au ni mboga?" mimi nilifikisha, "Baba anauliza kama kuna mboga zaidi." Jaji akijibu aende akapikiwe na mamake, nilirudi na, "Mama anasema pole." Amani ile yote ilikuwa utunzi wangu. Hakuna aliyewahi kusikia alichosema mwenzake, ndiyo maana mpaka leo kila mmoja hushangaa mwenzake anapokasirika. Nami usiku nalala nikipiga hesabu: ningalifikisha maneno yalivyo, si wangalipigana mara moja wakaelewana, au wakaachana wakapumzika?

Mke wangu, ambaye nyumbani tunamwita Mwalimu kwa sababu alisomea ushauri nasaha na hakuna anayeruhusiwa kusahau, ananiambia hesabu hiyo ina kasoro. "Walianza kugombana kabla hujazaliwa," anasema, kisha ananitajia daktari wa akili Mmarekani, Murray Bowen. Huyo alieleza kwamba watu wawili wakizidiwa na joto baina yao, humvuta wa tatu. Joto linapungua, lakini kwa kuwa limepungua, hakuna kinachowalazimisha kulimaliza jambo lenyewe. Yule wa tatu hudhani anawapatanisha, kumbe anasaidia ugomvi udumu bila kuwaunguza wenyewe. Dawa, anasema Mwalimu, si kuhama mji wala kuchukua upande. Ni kubaki karibu na wote wawili na kumrudishia kila mtu ujumbe wake. Dalili kwamba umeanza kufaulu ni kwamba wote wawili watakukasirikia.

Nilimwambia huyo Bowen hamjui Jaji.

Basi akatokea mjenzi wa maghorofa akikitaka kiwanja cha wazazi wangu. Karani akakubali siku hiyohiyo. Mimi, kwa mazoea, nikamwambia Jaji kwamba Baba "anafikiria fikiria tu," nikamwambia Karani kwamba Mama "hajakataa." Tukafika kwa wakili, mimi na Karani, na faili langu kwapani. Wakili akauliza mama yuko wapi. Nikasema mimi ndiye msemaji wake. Akanitazama kwa huruma, akaeleza kwamba kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, nyumba ya ndoa kama hiyo haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Ridhaa hiyo mama aitoe mwenyewe, mtoto habebi.

Jumamosi wazazi wakaja kwetu Wood Avenue. Stima ilikuwa imepotea, lifti imelala, kwa hiyo walifika wakihema na kulaumiana kwa pumzi kupitia kwangu. Jaji akajifungia chumbani, Karani akatwaa sebule, nami nikawa natembea ukumbini huku githeri yangu ikiwa jikoni kwenye gesi. Niliporudi safari moja nikamkuta Kadogo, binti yangu, ananipita mbio. "Cucu anasema hauzi mparachichi wake. Guka amenipa biskuti nimwambie aache ukaidi."

Biskuti! Mimi hata peremende sikuwahi kupewa.

Hapo nikamshika Kadogo mkono, nikaufungua mlango wa chumbani, na kwa sauti ambayo sikuijua nikasema, "Mama, Baba anataka kuuza nyumba. Anataka kweli. Baba, Mama hataki. Hataki kabisa. Elezaneni." Nikaenda jikoni.

Wakaelezana. Jirani wa juu akagonga sakafu. Yalitoka mambo ya Pijo, ya chumvi, na ya harusi ya shangazi fulani iliyofanyika mimi sijazaliwa. Kisha wote wawili wakageuka wakanijia jikoni wakiniuliza kwa nini nimewaficha haya miaka yote. Mwalimu akaniangalia kama mtu aliyeshinda dau.

Nyumba haijauzwa. Wameondoka wamenuniana, ingawa sasa kila mmoja anajua sababu. Karani amepiga simu jioni: "Mwambie mamako..." Nikamwambia ampe simu. Akakata.

Githeri imeungua na kuganda chini ya sufuria. Mwalimu amejifungia chumbani, na Kadogo amekuja na biskuti mkononi. "Mama anasema sufuria haijioshi."

"Mwambie nakuja," nikasema.