Barua ya Wazi kwa Mwalimu Mkuu Kuhusu Maharagwe na Kufuli

Baraza la Wanafunzi,
Shule ya bweni, Butere

Kwa Mwalimu Mkuu,

Kwanza tunakupongeza. Chini ya uongozi wako, githeri ya shule hii imepiga hatua ambayo wapishi wengine hawajathubutu kuipiga: sasa inapikwa bila maharagwe. Msichana akipata mawili kwenye sahani, majirani zake mezani humpa mkono.

Reli ya kutoka Kisumu huishia hapa Butere, lakini maharagwe yetu, tunavyoona, hushukia Luanda.

Hatukutaka kulalamika kwa kubahatisha, kwa hivyo walio zamu jikoni waliangalia yanayoingia kwenye sufuria. Siku ya githeri huingia gunia moja la mahindi la kilo 90, na gorogoro tano za maharagwe. Sisi ni wasichana 600. Gawanya, Mwalimu: kila mmoja anapata gramu 150 za mahindi makavu, ambazo hatuna ugomvi nazo, na gramu 17 hivi za maharagwe. Tunaomba nusu gunia la maharagwe kwa kila gunia la mahindi, yaani gramu 75 kwa kila mtu. Mwalimu wetu wa bayolojia ametufundisha kwamba protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huujaza. Swali kuhusu hilo tulilipata kwenye mtihani. Jibu lake tunalingoja bwaloni.

Bwana stoo ametueleza kisa chote bila kuficha. Maharagwe hununuliwa ya muhula mzima kwa mara moja, yakiwa bado na unyevu, yakalazwa kwenye magunia ya kawaida. Kufikia katikati ya muhula, wadudu wamekula kabla yetu, na hawalipi karo. Yanayobaki hupepetwa, na kipimo hupunguzwa ili yafike siku ya kufunga shule.

Dawa ipo, wala si ya kunyunyizia. Maharagwe yanunuliwe baada ya mavuno ya Julai, yaanikwe, kisha yapimwe hivi: tia konzi moja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, yarudishwe juani. Yakishakauka yatiwe kwenye yale magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani, kila mfuko ufungwe kivyake kwa nguvu. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Angalizo ni panya: akitoboa tundu moja, kazi yote imekwenda. Na yafunguliwe gunia moja moja, si yote siku ya kwanza ili mgeni wa heshima ayaone.

Sasa tuje kwenye usiku. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya jioni katika shule za bweni ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu, na kuanzia hapo ni kulala mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Shule yetu, kwa ukarimu, imetuongezea. Taa huzimwa saa nne na nusu na kengele hulia saa kumi alfajiri. Saa tatu zinazopungua hatuzipotezi hata kidogo. Tunazilala wakati wa kemia, tukiwa tumekaa wima, kalamu mkononi. Tunaomba ratiba ya serikali, hata kwa muhula mmoja wa majaribio, kisha alama zilinganishwe.

Kuhusu amri ya kutotoka bwenini baada ya taa kuzimwa, hatuipingi. Tunapinga kufuli la nje ya mlango. Hapa kejeli inatushinda. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara mwaka 2008 unakataza bweni kufungwa kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na wavulana 67 waliokufa Kyanguli, Machakos, Machi 2001, walikuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli. Mlango ufungwe kwa komeo la ndani, na matroni akae karibu nao. Hili lisingoje mkutano. Lifanyike leo usiku.

Mengine yangoje. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa wanafunzi kiti katika bodi ya shule, na wetu hajawahi kuonyeshwa kiti hicho kilipo. Kabla bodi haijakaa, tunaomba kikao nawe Alhamisi, saa kumi na moja jioni, baada ya michezo, bwaloni. Tungependa bwana stoo, mpishi mkuu na mwalimu wa mabweni wawepo. Mizani tutaiazima maabara. Siku hiyo ni zamu ya githeri, nasi tumekuwekea sahani, yenye kipimo kile kile cha kila mwanafunzi.

Wako watiifu, na wenye usingizi,
Baraza la Wanafunzi

Nakala: Mpishi mkuu (tafadhali loweka maharagwe tangu Jumatano usiku, huiva upesi na kuokoa kuni)