Mabati Yangu na Kampuni Tatu za Jina Moja

Simu ilinikuta pale makutano ya Rodi Kopany, nje ya duka langu la vifaa vya ujenzi, nikibishana na kijana wa boda aliyeachia nusu ya misumari yangu kwenye barabara ya Ndhiwa. Alikuwa mama wa hesabu kutoka Kisumu, kwa watu wanaoniuzia mabati.

"Baba, tunakudai 232,000."

Nikamwambia nililipa wiki tatu zilizopita, na karatasi ya benki ninayo. Nikasikia anabofya kompyuta. "Ni kweli umelipa," akasema. "Lakini hujatulipa sisi."

Kesho yake nikapanda matatu. Pale Kisumu geti ni moja, askari ni mmoja, na ukuta umepakwa rangi ya chapa yao hadi macho yanauma. Mama akanikaribisha, akafungua kitabu cha kwanza: ninadaiwa 232,000. Akafungua cha pili: nina akiba ya 232,000. Vyote viwili viko mezani kwake, na kiti ni kilekile. Nikamwomba achukue pesa kwa mkono wa kulia aweke kwa wa kushoto, tumalize nirudi kwa wateja wangu.

"Baba, hawa ni watu wawili," akasema.

Kumbe nyuma ya jina lile ziko kampuni tatu. Ya kwanza inatengeneza mabati, ya pili inayauza, ya tatu ina malori. Mwaka uliopita kiwanda ndicho kilichokuwa kikiniuzia, kisha mauzo yakahamishiwa kampuni ya pili. Mimi nikalipa kwa namba ya akaunti niliyoihifadhi kwenye simu tangu enzi za kiwanda. Tena nilijisifu kwamba natunza kumbukumbu.

Nikaja na akili ya Rodi: "Basi hao waliopokea pesa waniandikie invoisi, yaishe."

Akatikisa kichwa. Ankara haimfuati aliyepokea pesa, inamfuata aliyeuza. Akaniambia nitoe karatasi zangu. Kotesheni: kampuni ya pili. Hati niliyotia sahihi mzigo uliposhuka: kampuni ya pili. Kiwanda hakikuniahidi wala kuniletea hata bati moja. Kikiniandikia ankara, kitakuwa kimeitangazia KRA mauzo ambayo hakikufanya, nami nitadai VAT ya 32,000 kwa karatasi ya uongo. Katika ile 232,000, mabati ni 200,000, na asilimia 16 inayobaki ni ya serikali. Ukitaka kuirudisha kwenye hesabu yako una miezi sita, nami wiki tatu zilishapita bila mimi kujua.

Kisha akanionyesha chini ya ankara, mahali ambapo sijawahi kutazama kwa sababu nilidhani ni urembo. Ule mraba wenye vidoadoa vyeusi ni wa eTIMS. Ukiupiga picha kwa simu, unafunguka ukurasa wa KRA wenye jina la muuzaji na PIN yake. PIN ya kampuni huanza na P, ya mtu binafsi huanza na A. Chapa, hata ikipaka rangi maduka yote kutoka hapa hadi Rongo, haina PIN. Si wao peke yao: hisa zinazouzwa kwenye soko la Nairobi ni za Equity Group Holdings PLC, lakini akaunti yako iko Equity Bank (Kenya) Limited, na ukivuka kwenda Kongo utakuta EquityBCDC.

Dawa ikawa barua ya mistari minne. Nilikiandikia kiwanda kwamba nimelipa kwa makosa, na kwamba pesa zile wazipeleke kwa kampuni ya pili kulipa ankara yangu, nikataja namba yake. Nikatia sahihi, mama akapiga mhuri, akageuza kiti nusu duara, akajipelekea barua na kuipokea kwa mhuri wa pili. Hakutabasamu hata kidogo. Malori nayo yalikuwa na ankara yao, na hiyo nililipa nikiwa nimesoma jina mara tatu.

Nilirudi Rodi nikiwa profesa. Siku mbili baadaye akaja mwalimu mkuu wa shule moja kununua rangi, nami nikamhubiria habari za PIN na muuzaji halisi hadi chai ikapoa. Akasikiliza kwa adabu, akalipa kwa simu, akaandikiwa risiti, akazisoma zote mbili polepole.

"Jaduong'," akasema, "kwenye bango la duka kuna jina la mtoto wako wa kwanza. Till imeniletea jina la mama watoto. Risiti ina PIN yako wewe, inaanza na A. Mkaguzi wetu akija, nimwambie rangi hii kauza nani?"

Bango linapakwa upya Jumamosi.