Shemeji na Nyumbu Wake Elfu Kumi

Sijui kilima kinawafanya nini watu. Mtu anayehesabu chenji yake mara mbili mbele ya konda, mpandishe juu ya kilima cha Naabi kule Serengeti, umwonyeshe nyumbu uwandani, atatamka "elfu kumi" bila hata kumeza mate. Bingwa wao ni shemeji yangu, dereva wa watalii. Juzi karusha picha kwenye kundi la familia na kuandika: "Elfu kumi, na wengine hawajatokea." Ukoo mzima ukampigia makofi. Mimi nikaenda kuichapisha picha ile kwenye karatasi kubwa, nikatafuta rula na kalamu nyekundu. Mke wangu ameshanizoea.

Nimewahi kuona watu wakihesabu mraba mmoja wa picha, wakazidisha kwa miraba yote, kisha wakatembea kifua mbele. Hiyo inafaa kwa picha iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja. Kutoka kilimani, mraba wa chini ya picha unafunika kipande kidogo cha uwanda, na mraba ule ule ukiupeleka juu unameza eneo kubwa. Kwa hiyo niliikata picha kwa upana, kanda tatu: mbele, kati na nyuma, kila ukanda uwe na hesabu yake.

Mbele niliwahesabu wote: 212. Ukanda wa kati ulikuwa na miraba 18 yenye nyumbu. Nilichagua minne kwa kura, maana jicho likiachiwa lichague litakimbilia mraba uliojaa pomoni. Ikatoka 31, 12, 24 na 41, yaani wastani wa 27, na kwa miraba 18 ni 486. Nyuma nilichora miraba midogo zaidi, 11, wastani ukawa 64: jumla 704. Ukijumlisha kanda zote, 1,402.

"Na waliofichwa na wenzao?" akauliza shemeji. Linaloniudhi kwa mtu huyu ni kwamba mara nyingine anauliza swali la maana.

Mabega ya nyumbu yako kama mita 1.3 kutoka ardhini. Tuseme mpigapicha yuko mita 60 juu ya uwanda. Nyumbu aliye umbali wa mita 300 anakufichia mita 6.5 hivi za ardhi nyuma yake. Aliye mita 1,200 anakufichia mita 26, na hapo inaweza kupanga foleni familia nzima na ndama wao usiione.

Kwa ukanda wa kati, picha ya pili iliniokoa. Shemeji aliipiga muda mfupi baadaye, kikundi kimoja kikivuka korongo kwa mstari, mmoja mmoja. Kwenye picha ya kwanza kikundi hicho kilionyesha vichwa 40; kwenye mstari walikuwa 52. Ukigawanya 52 kwa 40 unapata 1.3, na 486 zangu zikapanda hadi 632. Mbele niliongeza 10 tu, ndama waliojibanza nyuma ya mama zao.

Nyuma hapakuwa na korongo wala mstari, na kuchukua ile 1.3 ya kati ni kuwapunja, kwa sababu kadiri wanavyokuwa mbali ndivyo wanavyofichana. Nikajaribu 1.6, kisha 2.2. Ya kwanza inatoa 1,126, ya pili 1,549. Kundi zima basi liko kati ya 2,000 na 2,400. Tazama mahali shaka ilipojificha: ukanda ambao kwenye karatasi ni mwembamba kama kidole ndio unaobeba zaidi ya nusu ya kundi, na ndio nisioweza kuuapia. Lakini ili shemeji apate elfu kumi yake, kila nyumbu anayeonekana kule nyuma lazima awe ameficha wenzake 12. Huyo si nyumbu, ni daladala.

Wanaohesabu kwa kazi waliachana na vilima zamani. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka na ndege juu ya Serengeti mwaka 1958, wakapata nyumbu 99,481. Hesabu za baadaye zilitumia picha zilizopigwa wima kutoka ndegeni, sampuli kwa sampuli, na ndizo zilizotupa ile milioni 1.3 inayotajwa kila siku. Ukiwa juu ya mgongo wa nyumbu, hana pa kumficha mwenzake.

Nikayaandika haya yote kwenye kundi la familia. Mama mkwe akauliza kama pundamilia nao nimewahesabu. Shemeji akajibu kwamba hajawahi kuona mtalii akitoa bakshishi kwa "kati ya elfu mbili na elfu mbili mia nne", na kwamba kama nataka picha ya wima, nimtumie nauli ya ndege.