Usiwasingizie Watoro: Mwongozo wa Kuandika Uwiano wa Mahudhurio na Alama

Ukitaka msimamizi wako amalize kalamu nyekundu kabla hajafika ukurasa wa pili, ipe kazi yako kichwa hiki: "Mchango wa mahudhurio katika ufaulu wa wanafunzi wa darasa la sita mjini Goma". Hujapima kitu bado, na hukumu umeshaitoa. Mchango ni kazi iliyofanyika, na wewe mkononi una rejista ya mwalimu na orodha ya pointi tu. Andika "Mahudhurio na alama za mtihani: uhusiano wake katika darasa moja". Kichwa hicho hakitamsisimua shangazi yako siku ya kutetea kazi, ila utaweza kukisimamia mbele ya jopo.

Anza na rejista, kwa sababu makosa mengi hulala humo. Mwalimu huita majina asubuhi. Mtoto aliyeitika, kisha akarudishwa nyumbani saa tatu kwa sababu ya ada, ameandikwa kuwa alikuwepo. Muulize mwalimu mambo hayo kabla hujajumlisha. Muulize pia ni siku ngapi shule yenyewe ilikuwa wazi. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye wakuu wa jimbo wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Mwisho wa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23 na madarasa yakafungwa. Siku za namna hiyo zikihesabiwa kuwa utoro, utamwandikia mtoto kosa la mlima au la vita. Gawanya siku alizofika kwa siku ambazo mlango ulikuwa wazi, na aliyehamia katikati ya mwaka mhesabie kuanzia siku aliyoandikishwa.

Sasa hesabu. Tuchukue darasa la kubuni la watoto wanane na siku 100 za masomo. Wanne wanakaa karibu na bomba la maji. Wawili kati yao walihudhuria siku 88, mmoja akapata alama 60 na mwingine 70. Wawili wengine walihudhuria siku 96, nao wakapata 60 na 70. Wanne waliobaki hubeba bidoni kutoka mbali kila asubuhi. Wawili walifika siku 64 wakapata 44 na 54. Wawili walifika siku 72 wakapata 44 na 54.

Waweke wote wanane pamoja, na mgawo wa uwiano utakuwa r = 0,80. Ni uwiano mkubwa. Ukichora mstari, kila siku moja zaidi ya mahudhurio inakwenda pamoja na alama 0,6 zaidi. Hapo ndipo mkono huanza kuwasha, na sentensi huja yenyewe: "Mtoto akiongezewa siku kumi za masomo, atapanda alama sita." Uzuie mkono wako. Rudi kwa watoto walewale na uwatazame kundi kwa kundi. Karibu na bomba, aliyekuja siku 88 na aliyekuja siku 96 wana alama zilezile. Kwa wabeba maji ni vivyo hivyo. Ndani ya kila kundi r ni sifuri kamili. Uwiano wote ule mkubwa umetoka katika tofauti ya makundi mawili: wastani wa siku 92 na alama 65 upande mmoja, siku 68 na alama 49 upande mwingine.

Maji katika mfano huu yamebeba mengi nyuma yake. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano kando ya Ziwa Kivu, na bado watoto wengi hutembea na bidoni. Lava ya 2021 iliharibu hata tangi na mabomba ya mji. Nyumba iliyo mbali na maji huenda pia ikawa na taa hafifu, chakula kidogo na mzazi asiye na nafasi ya kukagua daftari. Lolote kati ya hayo laweza kumpunguzia mtoto siku na kumpunguzia alama kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu fomu yako iwe na swali la umbali wa maji, la ada, na la kama familia imehama makwao, hata kama hukupanga kuyachambua.

Lakini usiruke sasa ukatangaza kwamba mahudhurio hayana kazi. Nimewabuni watoto wanane ili sifuri itoke safi. Darasa la kweli halitakupa sifuri kama hiyo. Mara nyingi, ukigawa kwa makundi, uwiano hupungua bila kuisha, na kinachobaki kinaweza kutokana na kuhudhuria kwenyewe au na jambo jingine ambalo hukuuliza. Andika hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Upo mtego wa pili, nao hugunduliwa kwa kalenda. Huenda alama ndizo zinazomwondoa mtoto darasani. Aliyeanguka muhula wa kwanza, akachekwa, anaona heri akauze karanga Birere. Chukua alama za muhula wa kwanza uzilinganishe na mahudhurio ya muhula wa tatu. Mahudhurio ya mwezi wa tano hayawezi kurudi nyuma kuusaidia mtihani wa mwezi wa kumi na mbili. Uwiano ukiwa bado mkubwa, ujue kuna mshale unaotoka kwenye alama kwenda kwenye mahudhurio, au kuna kitu kimoja kinachovuta vyote viwili mwaka mzima. Hesabu hii inachukua nusu saa, na naipenda kuliko majedwali kumi ya kompyuta, maana direkta wa shule anaielewa papo hapo.

Mtego wa tatu uko kimya zaidi: orodha ya pointi ina waliofanya mtihani tu. Aliyeacha shule mwezi wa pili hayumo. Hesabu majina ya Septemba, hesabu majina ya siku ya mtihani, na andika tofauti yake katika aya ileile yenye r. Wakiwa wametoweka wengi, uwiano wako unahusu waliobaki peke yao.

Wapo watakaosema: tuna dawa, tulinganishe kabla na baada ya Septemba 2019, serikali ilipoanza elimu ya msingi ya bure. Wazo lina akili, kwa sababu badiliko lilitoka nje ya nyumba ya mtoto. Ila wakati uleule madarasa yalijaa kupita kiasi, na Machi 2020 shule za nchi nzima zikafungwa kwa sababu ya korona. Mahudhurio, msongamano na kufungwa kwa shule vimefungwa furushi moja, na takwimu za mji mmoja hazitavitenganisha.

Basi aya yako ya matokeo, kwa darasa letu la mfano, isomeke hivi: "Wanafunzi waliohudhuria siku nyingi zaidi walielekea kuwa na alama za juu zaidi (r = 0,80; n = 8). Uhusiano huu haukuonekana tulipowatenganisha kwa umbali wa maji. Idadi ni ndogo, na data hazionyeshi kama kuongeza siku za masomo kungebadilisha alama." Kisha pitia kurasa zote ukiwa na penseli, utafute "huongeza", "huboresha", "hupelekea", "athari" na "kutokana na". Kila unapolikuta mojawapo, jiulize ni jedwali gani linalolibeba. Anza na mapendekezo, kwa sababu huko ndiko mwandishi aliyejizuia kurasa arobaini huwaagiza wazazi wawaadhibu watoro.